Riba 12% iliyogeuka 25%: nilivyousoma mkataba wa mkopo baada ya mwenzangu kunaswa

Mimi ni mwalimu, nina mwaka wa tatu kazini, na mpaka juzi nilikuwa kama walimu wengi tu, mkopo ni kitu unachoambiwa "rejesho lako litakuwa kiasi hiki kwa mwezi" na wewe unaangalia slipu ya mshahara, ukiona kinachobaki kinatosha basi unasaini kila palipowekwa alama ya X, unarudi darasani. Kilichonibadilisha ni mwalimu mwenzangu, tunakaa meza zinazotazamana ofisini, ni mkubwa kwangu kwa umri na kwa kazi kwa hiyo namwita Kaka. Siku moja alinisogezea makaratasi yake akaniambia, "Mdogo wangu wewe unafundisha hesabu, hebu niangalizie hapa, mimi naona kama nazunguka palepale."

Nikachukua. Na kweli alikuwa anazunguka palepale.

Kaka alikopa 3,600,000 kwa miezi 36, riba 12% kwa mwaka, rejesho 136,000 kila mwezi linakatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Miezi 18 ikapita vizuri hajakosa hata mara moja. Halafu akapigiwa simu, akaambiwa wewe ni mteja mzuri umefika nusu ya mkopo, unaruhusiwa kuongezewa, yaani ile tunayoiita topapu, na kizuri zaidi akaambiwa rejesho lako halitabadilika. Mtu una ada ya mtoto inakusubiri, unaambiwa unapata hela na makato kwenye slipu yanabaki yaleyale, unakataa vipi? Akaenda akasaini, akaingiziwa 972,000 kwenye akaunti. Alitegemea kama 1,800,000, maana kichwani mwake alishalipa nusu ya mkopo kwa hiyo anadaiwa nusu, akikopa tena 3,600,000 wanakata nusu yao wanampa nusu iliyobaki. Alipouliza zingine ziko wapi akajibiwa ni kwa mujibu wa mkataba.

Sasa tuifuate hiyo hela mpaka ilipoishia, maana hapo ndipo mkataba wote ulipo.

Kitu cha kwanza ni lile neno lililoandikwa pembeni ya 12%. Kwenye mkataba wake iliandikwa "riba itakokotolewa kwa 12% kwa mwaka juu ya kiasi cha awali cha mkopo". Maneno matano hayo, kiasi cha awali cha mkopo, ndiyo wenyewe kwenye mambo ya mikopo wanayaita riba ya flati. Maana yake ni kwamba riba inapigwa kwenye 3,600,000 yote kwa miaka yote mitatu, hata kama wewe kila mwezi unarudisha sehemu ya hiyo hela. Hesabu yake rahisi sana, 12% ya 3,600,000 ni 432,000, mara miaka 3 ni 1,296,000, jumlisha na mkopo unapata 4,896,000, gawanya kwa miezi 36 ndiyo ile 136,000. Yaani kila rejesho ndani yake kuna 100,000 ya mtaji na 36,000 ya riba, kuanzia mwezi wa kwanza mpaka wa mwisho bila kubadilika.

Angalia mwezi wa 36. Kwa hesabu yao wenyewe mtaji uliobaki mkononi mwako ni 100,000 tu, nyingine zote ulisharudisha zamani, lakini mwezi huo bado unalipa riba ya 36,000. Unalipa elfu 36 kwa kukaa na laki moja kwa mwezi mmoja! Hiyo sio 12% kwa mwaka, unalipia hela ambayo huna.

Aina ya pili ya riba ni ya salio linalopungua. Hapo kila mwezi riba inapigwa kwenye kile unachodaiwa kweli mwezi huo, ikishuka deni na riba inashuka. Mkopo uleule wa 3,600,000 kwa miezi 36 kwa 12% hiyohiyo lakini ya salio linalopungua, rejesho linakuwa kama 119,600 na riba yote kwa miaka mitatu ni kama 704,600. Kaka alikuwa analipa 1,296,000. Asilimia zimeandikwa sawa kwenye karatasi, muda sawa, mkopo sawa, na tofauti inakaribia laki sita. Ndio maana mtu akikwambia "riba yetu ni 12%" akanyamaza hapo anakuwa bado hajakwambia kitu, inabidi umuulize 12% ya nini, ya kiasi cha awali au ya salio.

Ukitaka kuigeuza flati iwe kwenye lugha ya salio linalopungua ili ulinganishe mikopo miwili kwa haki, ya Kaka inatoka kama 21% kwa mwaka. Na hapo bado hatujagusa makato ya mwanzo.

Makato ya mwanzo yalikuwa kipengele cha 4, ada ya kushughulikia mkopo 3% na bima 2%, jumla 180,000, na kipengele kinasema "zitakatwa kwenye kiasi cha mkopo kabla ya kutolewa". Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa Kaka hakupokea 3,600,000, alipokea 3,420,000, lakini riba imepigwa kwenye 3,600,000. Hizo 180,000 hajawahi kuzishika na bado alizilipia riba miaka mitatu. Watu wengi tunaiona ada kama kitu cha pembeni hivi, kama nauli, kumbe kwenye hesabu inaingia kulekule kwenye gharama ya mkopo na inaipandisha kweli.

Hii unaweza kuipima mwenyewe kwenye programu yoyote ya majedwali ya kompyuta, hata ile ya bure ya kwenye simu. Andika hivi kwenye kisanduku kimoja:

```
=RATE(36,-136000,3420000)*12
```

Namba ya kwanza ni miezi, ya pili ni rejesho la mwezi likiwa na alama ya kutoa kwa sababu ni hela inayotoka kwako, ya tatu ni hela iliyoingia kweli mkononi mwako sio ile iliyoandikwa kwenye mkataba. Ukibonyeza inatoka kama 0.25, yaani 25%. Ndiyo gharama halisi ya kile kilichoitwa 12%. Hakuna aliyemdanganya Kaka kwa mdomo, kila kitu kilikuwa kwenye karatasi, ila kilitawanywa kurasa tatu tofauti na hakuna ukurasa uliojumlisha.

Haya, tuje kwenye topapu, maana huko ndiko alikoumia zaidi, na mimi mwenyewe nilipofika hapa nilirudia kusoma mara tatu.

Kipengele cha 9, kiliitwa "Ulipaji wa mapema". Kilisema mkopaji anaweza kumaliza mkopo kabla ya muda "kwa kulipa kiasi chote kilichosalia cha marejesho kulingana na ratiba". Ukisoma haraka unaona ni ruhusa nzuri, unaruhusiwa kumaliza mapema. Soma tena polepole. Hakisemi mtaji uliosalia, kinasema marejesho yaliyosalia, na rejesho ndani yake lina riba. Kwa hiyo ukitaka kumaliza mwezi wa 18 unalipa marejesho 18 yaliyobaki, 18 mara 136,000, ni 2,448,000. Ndani yake kuna mtaji 1,800,000 na riba 648,000 ya miezi ambayo haijafika bado. Unamaliza mapema na hupunguziwi chochote, yaani faida ya kumaliza mapema ni sifuri.

Halafu kipengele cha 11, cha kuongeza mkopo, mstari mmoja na nusu tu, kinasema mkopo mpya "utalipa kwanza mkopo uliopo kwa mujibu wa kipengele cha 9". Basi. Ndio huo mstari uliokula hela yake. Mkopo mpya 3,600,000, wanatoa 2,448,000 kufunga ule wa zamani, wanatoa tena ada na bima 180,000 kwa sababu huu unahesabiwa mkopo mpya, inabaki 972,000. Hesabu inafunga mpaka senti ya mwisho.

Lakini ona kilichotokea kwa zile 648,000. Ilikuwa ni riba ya miezi ya mbele. Ilipofungiwa ndani ya mkopo mpya ikawa mtaji, na mtaji huo mpya unapigwa flati 12% kwa miaka mitatu, yaani 36% yake, karibu 233,000 nyingine. Riba juu ya riba ya siku ambazo hazijafika.

Na kwa nini hakuona? Kwa sababu rejesho halikubadilika. 136,000 ileile kwenye slipu. Kilichobadilika ni kitu ambacho hakionekani kwenye slipu, muda. Alikuwa amebakiza miezi 18, sasa ana 36 tena. Ile miezi 18 ya kwanza angeilipa vilevile hata asingeongeza, kwa hiyo bei ya topapu ni miezi 18 ya ziada, 18 mara 136,000, ambayo ni 2,448,000. Amepewa 972,000 atailipia 2,448,000. Nilipomwandikia hivyo kwenye karatasi alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Sasa mbona niliambiwa halibadiliki?" Nikamwambia Kaka ni kweli halikubadilika, ndiyo maana walikwambia hilo.

Nataka niwe mkweli hapa, sio kila mkopeshaji anafunga hivi. Kwenye mikopo ya flati kuna namna kadhaa za kuhesabu deni ukitaka kumaliza mapema na zinatoa majibu tofauti kwa mkopo uleule. Mwingine anakusamehe riba yote ya mbele, kwa Kaka ingekuwa 1,800,000. Mwingine anatumia kanuni ya 78, inaitwa hivyo kwa sababu ukijumlisha 1 mpaka 12 unapata 78, ambayo inagawa riba kwa uzito, mwezi wa kwanza wa mkopo wa miezi 36 unabeba fungu 36, wa pili 35, unaendelea hivyo mpaka wa mwisho fungu 1, kwa hiyo riba kubwa inahesabiwa imeshaliwa mwanzoni. Kwa kanuni hiyo mwezi wa 18 angeambiwa kama 2,115,000, maana ingawa muda umefika nusu, riba inahesabiwa imeshaisha karibu robo tatu. Na wa tatu ndio kama wa kwake, hasamehi kitu, 2,448,000. Kwa siku ileile, mtu yuleyule, kati ya jibu dogo na kubwa kuna 648,000, na kinachoamua ni sentensi moja ambayo siku ya kusaini hakuna anayekuonyesha kwa sababu siku hiyo hakuna anayefikiria kumaliza.

Sasa mimi. Wiki kadhaa baadaye nilikuwa na shida yangu, nikahitaji kiasi hichohicho, nikaenda kwa mkopeshaji huyohuyo sababu ofisi iko karibu na walimu wote wanakopa pale. Nikamwambia ofisa mikopo naomba nikasome nyumbani. Akashangaa kidogo, akasema mkataba ni wa kawaida wote wanasaini, nikamwambia sawa ila naomba nakala. Akanipa ukurasa wa saini na ukurasa wa muhtasari. Nikaomba na zingine, maana muhtasari ulikuwa unasema "pamoja na vigezo na masharti ya jumla na jedwali la tozo", na kama karatasi unayosaini inataja karatasi nyingine basi umesaini na hiyo nyingine hata kama hujaiona. Nikapewa kurasa 14. Vipengele vya 9 na 11 vilikuwa humo kwenye masharti ya jumla, havikuwa kwenye muhtasari kabisa. Kaka naye alikuja kuzipata hizo kurasa baada tu ya kugombana nao kuhusu zile hela, siku ya kusaini aliona muhtasari peke yake.

Nikaomba na ratiba ya marejesho, jedwali la mwezi kwa mwezi. Kwenye hilo usiangalie safu ya rejesho, hiyo haikwambii kitu, angalia safu ya riba. Kama namba ni ileile kuanzia mwezi wa kwanza mpaka wa mwisho basi ni flati hata kama hakuna aliyeandika neno flati. Kama inaanza kubwa na kushuka, inaweza kuwa salio linalopungua kweli, ila pia inaweza kuwa ile kanuni ya 78 maana nayo inaonyesha riba inashuka. Kutofautisha ni rahisi tu, chukua salio la mwanzo wa mwezi wowote, zidisha kwa riba ya mwaka gawanya kwa 12, jibu lilingane na riba ya mwezi huo. Lisipolingana kuna kitu. Nilijaribu mwezi wa 30 kwenye ratiba yangu, salio 700,000 mara 12% gawanya 12 ni 7,000, wao wameandika 36,000.

Kulikuwa pia na kipengele kinachosema mkopeshaji "anaweza kurekebisha kiwango cha riba kwa taarifa", bila kusema taarifa ya siku ngapi wala mwisho wa kupanda ni wapi. Hicho sikukikokotoa kwa sababu hakikokotoleki, nilikiwekea alama nikasonga.

Swali nililorudi nalo kwa ofisa lilikuwa moja tu, na nililiandika kwa barua pepe ili jibu nalo lije kwa maandishi: nikiamua kumaliza mkopo huu siku ya rejesho la 18, nitadaiwa jumla kiasi gani kwa namba? Nimegundua hilo swali ni bora kuliko kuuliza "je kuna adhabu ya kulipa mapema", maana hilo la pili jibu lake linaweza kuwa hapana na likawa kweli. Kwenye ule mkataba hakuna kitu kinachoitwa adhabu popote! Ukiomba namba, namba haina pa kujificha. Jibu lilikuja, 2,448,000.

Nikaenda kuuliza kwingine. Chama kimoja cha akiba na mikopo kikaniambia 18% kwa mwaka. Mwenzangu mmoja ofisini akanicheka, unaacha 12 unafuata 18? Lakini ilikuwa 18% ya salio linalopungua, rejesho 130,149 kwa miezi 36, ada ya mwanzo 1% tu, naingiziwa 3,564,000. Kaa uitazame hiyo, 18% rejesho lake ni dogo kuliko la 12%, na mkononi napokea nyingi zaidi. Nikapiga formula ileile:

```
=RATE(36,-130149,3564000)*12
```

Ikatoka kama 0.187, karibu 18.7%, dhidi ya ile 25%. Nao niliwauliza swali lilelile la mwezi wa 18, wakajibu takribani 2,040,000, ambayo ndiyo salio lenyewe kwa ratiba yao hakuna cha kuongeza. Haikuwa yote mazuri, nao walitaka niwe naweka akiba ya lazima kila mwezi ambayo siwezi kuitoa mpaka mkopo uishe, na hiyo nayo ni gharama kwa sababu ni hela yangu iliyofungwa wakati mimi nalipa riba, walitaka na wadhamini wawili ambao nilihangaika kuwapata. Lakini vyote nilivijua kabla ya kusaini. Nilisaini huko.

Kaka yuko mwezi wa 5 wa ule mkopo mpya, amebakiza 31. Wiki iliyopita alipata hela kidogo ya kusahihisha mitihani akaniambia anataka kuipeleka yote kwenye mkopo apunguze deni. Tukafungua tena kipengele cha 9 pamoja. Kwa mkataba kama ule kupeleka hela mapema hakupunguzi hata senti ya riba, inakuwa umewalipa tu marejesho ya mbele kabla ya siku yake, ingekuwa ni salio linalopungua ningemwambia apeleke leo hii. Kwa hiyo ameiweka kwenye akaunti yake ya akiba, rejesho linaendelea kukatwa kama kawaida, na ile namba inayompigia kumkumbusha kwamba atakapofika nusu anaruhusiwa tena ameihifadhi kwenye simu ili ajue ni wao kabla hajapokea.